Tupeane uzoefu: marejesho na riba kwenye bajeti ya taasisi, benki huvisomaje vifungu hivi?

mhazina_moro: Wakuu, taasisi yetu ina zahanati na hosteli. Tunaomba mkopo wa TSh 60,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka, salio linalopungua. Kwenye bajeti nimeuingiza mkopo kwenye mapato, halafu kwenye matumizi nikaweka kifungu kimoja, "Marejesho ya mkopo 26,030,000". Afisa mikopo katurudishia, kaandika "tenganisheni" basi. Mliopita huku mnaandikaje?

mzee_wa_risiti: Riba na mkopo wenyewe vyote viweke chini kabisa, baada ya ziada. Hayo si matumizi ya uendeshaji.

leja_nyeusi: Mzee yuko sahihi nusu. Msingi wa mkopo unakaa chini ya ziada kwa sababu kulipa deni si gharama, ni kupunguza unachodaiwa. Riba ni gharama, inapunguza ziada, ila ipe kifungu chake mwishoni mwa matumizi. Usiichanganye na umeme na mishahara.

Mhazina, rejesho lako ni kama 2,169,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza 900,000 ni riba na 1,269,000 ni msingi. Kwa mwaka wa kwanza mzima riba ni kama milioni 9.5 na msingi milioni 16.5. Mwaka wa pili riba inashuka hadi kama milioni 6.2, ingawa jumla unayolipa ni ileile, kwa hiyo usinakili tarakimu za mwaka jana. Na mkopo uliopokea utoe kwenye mapato. Uandike kando, sehemu ya fedha za mtaji, pamoja na kile unachokwenda kununua.

mhazina_moro: Kutenganisha kunabadilisha nini kama hela inayotoka ni ileile?

leja_nyeusi: Kwa mkopeshaji kunabadilisha jibu zima. Tuseme mapato yenu ni milioni 148 na matumizi bila riba ni 115. Zinabaki 33. Afisa anagawanya 33 kwa rejesho la mwaka, 26, anapata kama 1.27. Wengi wanataka angalau 1.2 au 1.25, kwa hiyo mnapita kwa shida. Sasa kwa kifungu chako kimoja ziada inasomeka milioni 7. Afisa anarudishia riba tu, ile 9.5, anapata 16.5. Akigawanya kwa 26 ni 0.63. Msingi umetolewa mara mbili, na ninyi mmeonekana hamuwezi kulipa.

Kisha atapunguza mapato yenu kwa asilimia 5 aone. Yanakuwa 140.6, zinabaki 25.6, hazitoshi rejesho. Swali hilo litakuja, nendeni na jibu: mfano, ni matumizi gani mtaahirisha.

mama_saccos: Mbona mnaiogopa riba? Kwenye chama chetu riba ndiyo mapato makubwa.

leja_nyeusi: Mama, hiyo ni ya mnaowakopesha wanachama. Mkikopa benki ili mkopeshe, andikeni zote mbili kwa ukamilifu, mnayopokea na mnayolipa. Mkiandika tofauti yake tu, benki haioni mtalipa kwa fedha gani wanachama wakichelewa.

dada_wa_miradi: Kuna jambo halijaguswa. Kama kwenye hizo milioni 148 kuna hela ya mfadhili yenye masharti, afisa makini ataitoa kwenye hesabu. Ruzuku za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haziruhusu kulipia madeni wala riba zake. Weka safu mbili: fedha huru na fedha za miradi, na rejesho likae lote kwenye fedha huru. Hapo 1.27 inaweza kuyeyuka.

mhazina_moro: Milioni 20 ni za mradi wa chanjo, lakini na matumizi yake ni 20.

dada_wa_miradi: Basi zinatoka pande zote mbili na 33 inabaki. Ila lile punguzo la asilimia 5 lifanyike kwenye 128, si 148. Inabaki 26.6, inatosha kwa kubanana. Mwonyeshe hivyo.

kijana_wa_kahama: Hosteli inaingiza hela kwa muhula. Bajeti ya mwaka tu haitoshi, benki itaomba ya mwezi kwa mwezi. Mwezi wa likizo rejesho ni lilelile 2,169,000. Na mkipewa miezi mitatu ya neema, ulizeni kama riba inaendelea. Kwa kawaida inaendelea, ni 900,000 kila mwezi, na kuna benki inayoiongeza kwenye deni.

mzee_wa_risiti: Halafu hakikisheni si riba ya flati, ile inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Kwa asilimia 18 hiyohiyo ni milioni 10.8 kila mwaka, jumla 32.4 badala ya kama 18.1.

mhazina_moro: Ada ya kushughulikia mkopo na bima yake je? Niweke na riba?

leja_nyeusi: Mimi naziweka na riba, gharama za fedha.

dada_wa_miradi: Mimi hapana. Ada inalipwa mara moja. Ukiiweka kwenye riba, jumla haitalingana na jedwali la marejesho la benki, na afisa analinganisha.

leja_nyeusi: Vifungu viwili chini ya kichwa kimoja, basi.

dada_wa_miradi: Mkaguzi wetu alikataa hata hivyo.