Mteja mmoja ananipa 71% ya mauzo. Nimpunguze vipi bila kufunga karakana?

SindanoNaUzi

Habari za jioni wakuu. Nina karakana ya kushona nguo za kazi hapa Kariobangi Light Industries: dastikoti, ovaroli na aproni. Nauza kama 900,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Katika hizo, 640,000 zatoka kwa kampuni moja inayochukua dastikoti 800 kila mwezi. Zile 260,000 zilizobaki ni gereji, mabucha, na shule mbili zinazonunua dastikoti za maabara.

Kampuni hii ndiyo iliyoniinua. Nilianza nao na mashine tatu, leo nina tisa, na ile ya vifungo bado nailipia mkopo wa sacco. Lakini tangu mwaka jana kuna mambo yananinyima usingizi. Walikuwa wakilipa siku ya 30. Ikaja 45, kisha 62, na invoisi ya mwisho imelipwa siku ya 88. Mtunza stoo wao sasa anapiga muhuri kwenye dilivari bila kuandika tarehe. Halafu wiki mbili zilizopita afisa mpya wa ununuzi alinipigia akitaka nimchanganulie bei: kitambaa ni ngapi, uzi ngapi, fundi ngapi. Bei yenyewe walishaishusha kutoka 920 hadi 800.

Nimeamua asizidi 40% ya mapato yangu. Sijui nianzie wapi. Naombeni ushauri.

Njiapanda

Dada, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Kanuni ninayoijua ni kwamba mteja asipite 20%. Waandikie barua, uwaambie kuanzia mwezi ujao utawapa dastikoti 200 tu. Watakuheshimu.

SindanoNaUzi

Nikiwapa 200 mwezi ujao, mafundi wangu nitawalipa na nini? Nami wananidai watu. Muuza kitambaa wa Eastleigh peke yake ananidai 850,000.

KibaruaMtandaoni

Mimi si mshonaji, nanukuu sauti kuwa maandishi kwa ajili ya kampuni moja ya nje. Siku moja niliingia asubuhi nikakuta akaunti imefungwa. Hakuna barua, hakuna simu, na malipo ya wiki tatu yakapotea. Kwa hiyo nakuelewa. Lakini angalau wewe una mtu wa kumpigia simu. Mtumie bei anayotaka, muelewane.

MzeeHesabu

Hiyo ya kuchanganua bei, mama, ngoja kwanza. Nimefanya uhasibu wa viwanda vidogo miaka mingi, Baba Dogo na Industrial Area. Afisa mpya akiomba bei ya kitambaa na ya fundi kandokando, mara nyingi anajaza karatasi ya kulinganisha wauzaji watatu. Haina maana kwamba utafukuzwa. Ina maana kwamba mtu amekaa mezani na jina lako limo katika safu moja kati ya tatu. Mpe bei ya nguo iliyokamilika na ubora wake. Mchanganuo ubaki kwako.

Sasa, kabla ya kuzungumza asilimia, nijibu mambo manne. Dastikoti moja inakugharimu ngapi hadi inafika kwao? Kwa wateja wadogo unabaki na ngapi katika kila mia? Gharama zinazokuja kila mwezi hata usiposhona nguo hata moja ni kiasi gani? Na akiba?

SindanoNaUzi

Asante mzee. Nimekaa na daftari tangu saa mbili usiku.

Dastikoti: kitambaa 418, uzi na vifungo 32, fundi 120 kwa kipande, usafiri 10. Jumla 580. Nauza 800, nabaki na 220. Wateja wadogo nabaki na kama 40 katika mia. Gharama za kila mwezi (kodi, mkataji, msimamizi, stima, mkopo) ni 210,000. Akiba 180,000.

MzeeHesabu

Vizuri sana, wengi hawawezi kujibu hilo bila wiki nzima.

Tazama. Mteja mkubwa: 220 mara 800 ni 176,000. Wadogo: 40% ya 260,000 ni 104,000. Jumla 280,000. Ukiondoa 210,000 unabaki na 70,000. Akiondoka kesho, zinabaki zile 104,000 dhidi ya gharama za 210,000. Unapungukiwa na 106,000 kila mwezi, na akiba yako haifikishi miezi miwili.

Hata hivyo hilo si la kunitisha zaidi. Kwa siku 88, una karibu miezi mitatu ya mzigo wako mikononi mwao bila malipo. Hiyo ni 1,920,000, na VAT juu yake. Na VAT haingoji walipe. Invoisi ikishatoka kwenye eTIMS, kodi ya mwezi huo inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mzigo wao wa mwezi mmoja, ukitoa VAT uliyolipia kitambaa, unaipelekea KRA kama 49,000 kutoka mfukoni mwako kwa nguo ambazo hazijalipiwa.

Kwa hiyo weka kikomo mara mbili. Kikomo cha kwanza ni cha deni, kwa shilingi, na kinaanza leo. Kikomo cha pili ni cha asilimia, nacho kitachukua mwaka au zaidi. Watu huanza na cha pili kwa sababu kinasikika vizuri, huku deni likiendelea kupanda.

Wa_Kirinyaga_Road

Nakubaliana na mzee kuhusu deni. Mahakama ilipoiweka Nakumatt chini ya msimamizi Januari 2018, waliokuwa wameipelekea bidhaa kwa mkopo walijikuta nyuma ya wenye dhamana. Invoisi iliyopigwa muhuri haikupi dhamana yoyote.

Lakini mzee, kikomo cha deni atakiwekaje? Wale ndio wenye nguvu.

MzeeHesabu

Asikitangaze, akishone ndani ya oda. Leo anakata nguo 800 kwa mkupuo. Aanze kukata 400, na 400 za pili zikatwe invoisi ya zamani zaidi ikishalipwa. Hahitaji kugomba. Anawaambia ukweli, kwamba muuza kitambaa anataka alipwe ndipo atoe mzigo mwingine. Lengo deni lishuke hadi mizigo miwili, 1,280,000, kisha mmoja na nusu. Wakikataa hata kulipa ile ya zamani kabisa, basi umepata jibu mapema, ukiwa bado na kitambaa chako rafuni.

Na kuhusu muhuri usio na tarehe: siku 30 zinahesabiwa kutoka siku mzigo ulipopokelewa. Bila tarehe, mhasibu wao anaanza kuhesabu siku karatasi ilipofika mezani kwake. Dereva asiondoke getini bila tarehe kuandikwa kwa kalamu na jina la aliyepokea. Apige picha hapo hapo, akutumie.

Njiapanda

Sawa, la deni nimelielewa. Lakini asilimia? 40% inawezekana kabisa, aongeze wateja tu.

MzeeHesabu

Hesabu kidogo, kijana. Kama mkubwa anabaki 640,000 na awe 40%, mauzo yote lazima yafike 1,600,000. Yaani wale wadogo watoke 260,000 wafike 960,000. Karibu mara nne. Kwa mashine tisa haiwezekani, na akinunua nyingine anarudi kwenye mkopo.

Kuna njia iliyo katikati. Mkubwa ashuke taratibu hadi dastikoti 500, ambazo ni 400,000. Wadogo wapande hadi 400,000. Hapo ni nusu kwa nusu. Sasa angalia kinachobaki: 220 mara 500 ni 110,000, na 40% ya 400,000 ni 160,000. Jumla 270,000. Amepoteza 10,000 tu kwa mwezi ukilinganisha na leo, ingawa mauzo yameshuka kwa 100,000. Na mkubwa akiondoka, pengo linakuwa 50,000 badala ya 106,000, akiba ile ile inafikisha miezi mitatu na nusu.

Mama, iache 40% kwa sasa. Andika 60, kisha 50.

Mkata_Vitambaa

Shikamoo mzee. Hesabu yako ni safi, ila mimi nimesimama kwenye meza ya kukata miaka kumi na moja na kuna kitu hakimo humo. Oda ya 400 ya saizi tatu, unalaza kitambaa tabaka 60, unachora mara moja, mashine inapita. Oda ya gereji ni nguo 12, saizi tano, rangi mbili, na nembo mfukoni. Asubuhi yote imeisha. Dada, hiyo 40% umehesabu muda wa mkataji?

SindanoNaUzi

Sijauhesabu. Mkataji analipwa mshahara wa mwezi, kwa hiyo nilimweka kwenye zile 210,000.

Mkata_Vitambaa

Basi yeye ndiye atakayekwama kwanza, si mashine. Ukifika 400,000 za oda ndogo ndogo utahitaji mkataji wa pili. Kama unaweza, tafuta wale wanaonunua 60 hadi 100 kwa mara, na uwaambie rangi ni mbili tu. Shule za dastikoti za maabara ni nzuri hapo: rangi moja, nyeupe, na zinajulikana zitahitaji lini.

Wa_Kirinyaga_Road

Na dipoziti ya nusu kabla ya kukata, hata kwa rafiki. Jambo lingine: mimi nina gereji, na najua magereji mengi ya huku yanaagizia kupitia dalali mmoja. Ukipata gereji kumi kwa dalali huyo usiziandike kama wateja kumi. Ni mteja mmoja mwenye simu moja.

MzeeHesabu

Hiyo ya dalali ni kweli tupu. Na ya mkataji nakubali, nilikuwa sijaitia. Mkataji wa pili akiingia, zile 160,000 zitapungua, kwa kiasi gani hatuwezi kujua mpaka mama apime. Mama, kwa wiki nne andika kila oda ilichukua saa ngapi mezani. Pengine utagundua kwamba oda za nguo 12 ziongezwe bei au ziachwe.

Njiapanda

Lakini akipunguza hadi 500 si kampuni itampa mwingine zile 300, na huyo mwingine akaishia kuchukua zote?

MzeeHesabu

Inaweza kutokea. Ndiyo maana nikasema taratibu, na wadogo wapande kwanza. Asipunguze kipande hata kimoja kabla nafasi yake haijajazwa. Lakini kama karatasi ya wauzaji watatu ipo mezani, huyo mwingine yuko njiani hata akiendelea kuleta 800.

SindanoNaUzi

Nimerudi, siku tisa baadaye. Niliwapelekea orodha ya invoisi zote kwa umri wake, ya siku 91 ikiwa juu kabisa. Afisa wa ununuzi nilimpa bei ya nguo nzima, hajajibu. Mhasibu alisema wiki ijayo, na jana akalipa, lakini si invoisi yote. Ametuma 200,000 kamili, bila kusema ni ya invoisi gani.

Nimekata 400 na kusimama. Kitambaa cha zile nyingine kiko rafuni. Mzee, hizo 200,000 niziandike kwenye invoisi ya zamani, au nimuulize kwanza?

MzeeHesabu

Muulize kwa maandishi leo, na useme kwamba usipojibiwa kufikia Ijumaa utaziandika kwenye ya zamani zaidi. Mteja aliyezoea kulipa invoisi nzima akianza kutuma tarakimu za mviringo, mara nyingi anagawa kidogo alichonacho kwa wanaompigia simu. Kitambaa kikae rafuni.