Barua ya daktari inasema "apewe kazi nyepesi", bosi kanipa ufagio. Naombeni ushauri

Kibarua_Kurasini: Wakuu habari za jioni. Napakia mifuko ya saruji kwenye godauni hapa Dar, ile ya kilo 50. Niliumia mgongo, nikapumzishwa nyumbani, sasa nimerudi na barua: "Apewe kazi nyepesi kwa muda." Hakuna kingine. Msimamizi kasema kazi nyepesi ni kufagia godauni na kupanga maboksi ya sabuni. Ikifika saa nane mchana maumivu yanashuka mpaka kwenye paja. Kuna dispensari ya mtaani wako tayari kuniandikia barua nyingine yenye miezi mitatu. Niichukue?

Mama Tunu: Pole mwanangu. Mimi mgongo ulinitesa tangu uzazi wa pili, nikakandwa maji ya moto yenye chumvi. Mimi nasema lala chini kwenye mkeka mwezi mzima, usinyanyuke.

Ngalawa: Barua ya daktari ni ushauri tu, mwajiri halazimiki. Mimi ningeacha kazi.

Fizio wa Moro: Ngalawa, ni kweli daktari hawezi kumpangia mwajiri kazi, ila mwajiri akikutumikisha kinyume na barua ukaumia zaidi, barua hiyo ndiyo itakayomhukumu. Na mama yangu, kulala mwezi mzima kunaudhoofisha mgongo.

Mkuu, tatizo ni hiyo barua, haina vipimo. Kufagia kutwa ni kuinama na kujipinda, ndicho unachotakiwa kukwepa. Rudi kwa aliyekutibu, mweleze siku yako ya kazi ilivyo, aandike kwa mfano: tarehe 3 hadi 16, asiinue zaidi ya kilo 5, asiiname wala kujipinda akiwa na mzigo, asikae wala kusimama mfululizo zaidi ya nusu saa. Tarehe 17 hadi 30, mpaka kilo 10, mzigo ukiwa usawa wa kiuno, si wa kuokota sakafuni. Tarehe 30 apimwe tena. Si lazima ataje ugonjwa. Kwa barua hiyo msimamizi anaweza kukupa kuhesabu mifuko getini au kupokea hati za mizigo. Kiasi cha kilo anapanga yeye akishakupima, usinakili wangu.

Je, miguu ina ganzi? Mkojo unautawala? Na uliumia wapi, kazini?

Kibarua_Kurasini: Ganzi hakuna, mkojo sawa. Kuumia ni kuumia tu mkuu.

Fizio wa Moro: Kuumia si kuumia tu. Ukianza ganzi sehemu za siri au mkojo ukakushinda, nenda hospitali usiku huohuo. Na swali langu hujajibu.

Kibarua_Kurasini: Ni kazini. Turubai lilikuwa limelowa, nikateleza na mfuko begani. Ila msimamizi aliniomba niseme mapokezi kwamba nimeanguka nyumbani, na kwenye faili imeandikwa hivyo. Ni mtu wa kwetu, alinilipia matibabu yote. Siwezi kumchoma.

Mzee Kifimbo: Uongo una mguu mfupi kijana. Ungesema kweli tangu mwanzo.

Kisoda: Huu uzi wa kutunga. Mpakiaji gani anaandika na mikato iko mahali pake? Kesho utasikia anauza dawa ya mgongo.

Kibarua_Kurasini: Kidato cha nne nimemaliza, kuandika najua. Sina cha kuuza.

Mama Tunu: Hata kama katunga, mimi nimesoma na mgongo wangu unauma kweli.

Fizio wa Moro: Wa kutunga au wa kweli, wako wengi wenye faili kama hilo. Ajali ya kazini mwajiri anatakiwa kuiripoti Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7. Ukiandikwa umeanguka nyumbani, unabaki na likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Mwambie daktari ukweli. Hatafuta alichoandika, ataongeza maelezo mapya yenye tarehe. Kisha mwandikie mwajiri, taja waliokuinua pale chini, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Kama Mfuko utakubali, siwezi kukuahidi. Ila ya dispensari iache. Hawajakutibu, na mwajiri akipiga simu kuuliza, utakuwa umekamatwa na barua ya uongo.

Ngalawa: Na msimamizi akimfukuza?

Fizio wa Moro: Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, asizipitishe.

Kibarua_Kurasini: Ya dispensari nimeiacha. Jumatatu naenda kwa daktari kuomba barua yenye kilo na tarehe. Suala la turubai nipeni muda, nizungumze na msimamizi kwanza.

Mzee Kifimbo: Zungumza naye, lakini barua kwa mwajiri uwe umeshaiandika.