Programu inatoa siku 32, hesabu ya mkono inatoa 35: tatizo liko wapi?

Kijana wa Katuba

Salamu kwenu nyote. Ninamsaidia baba yangu mdogo kupanga ujenzi wa nyumba ndogo ya kupangisha hapa Lubumbashi, na kwa kuwa ninasoma informatiki, niliona afadhali niandike programu itakayotuambia ujenzi utachukua siku ngapi kwa uchache na ni kazi zipi zisizokubali kuchelewa hata siku moja.

Kazi zenyewe ni hizi. A ni kuchimba msingi, siku 4. B ni kujenga msingi, siku 5, baada ya A. C ni kufyatua na kuchoma matofali, siku 12, nayo haingojei chochote. D ni kupandisha kuta, siku 10, baada ya B na C. E ni kuleta mabati kupitia mpaka wa Kasumbalesa, siku 18 tangu kuagiza. F ni mbao za kubebea paa, siku 4, baada ya D. G ni kuezeka, siku 3, baada ya E na F. I ni kupitisha nyaya za umeme ukutani, siku 5, baada ya D. H ni kupiga lipu, siku 6, baada ya G na I.

Nilichukua algoriti ya Dijkstra, nikageuza alama ya ulinganisho ili itafute njia ndefu badala ya fupi. Inanipa siku 32. Nikihesabu kwa kalamu kupitia C, D, F, G na H ninapata 35. Nimepitia msimbo mara nyingi bila kuona kosa la kuandika. Naomba ushauri wenu.

Papa wa Ruashi

Mwanangu, mimi nimejumlisha siku zako zote nikapata 67. Hizo 32 na 35 umezitoa wapi? Usimdanganye baba yako mdogo, maana mwenye nyumba akishaahidiwa tarehe haisahau.

Kaka Bel-Air

Papa, hiyo 67 ingekuwa kweli kama kila kazi ingengoja nyingine iishe. Hapa matofali yanafyatuliwa huku msingi ukichimbwa na mabati yakiwa njiani, kwa hiyo kinachoamua ni mnyororo mrefu zaidi wa kazi zinazongojeana.

Kwako kijana: usibadilishe ulinganisho. Weka alama ya kutoa mbele ya kila muda, yaani 12 iwe -12, kisha uendeshe Dijkstra ya kawaida. Njia fupi zaidi katika namba hasi ndiyo ndefu zaidi katika namba za kweli.

Mhandisi wa Kamalondo

Kaka Bel-Air, kugeuza alama ni sahihi, lakini kumpa Dijkstra namba hasi kunarudisha ugonjwa uleule kwa mlango mwingine. Tufuate alichofanya kijana, hatua kwa hatua.

Programu yake inachukua A kwanza, inafika B siku ya 4, kisha D siku ya 9, na kwa kuwa inapenda namba kubwa inaendelea kukimbia: F na I siku ya 19, G siku ya 23, H siku ya 26, mwisho siku ya 32. Wakati huo wote C bado imelala kwenye foleni na sifuri yake. Inapoamka na kusema kwamba D haiwezi kuanza kabla ya siku ya 12, D imekwisha kufungwa, haihesabiwi tena. Dijkstra hufunga nodi, hapa kila kazi ni nodi, kwa sababu, katika njia fupi zenye uzito usio hasi, anayefika baadaye hawezi kuwa amepita njia fupi zaidi. Unapotafuta njia ndefu sababu hiyo haipo: mchelewaji ndiye hasa unayemtafuta. Kwa hiyo 32 ni njia ya A na B, wala si kosa la kuandika.

Ukigeuza alama, tumia algoriti ya Bellman-Ford, inayokubali namba hasi, nayo itakupa 35. Lakini grafu yako haina duara, na hilo linarahisisha kazi. Panga nodi ili kila kazi ije baada ya zote inazozingoja, kisha zipitie mara moja tu:

```python
from graphlib import TopologicalSorter

siku = {"A":4, "B":5, "C":12, "D":10, "E":18,
        "F":4, "G":3, "H":6, "I":5}
kabla = {"A":[], "B":["A"], "C":[], "D":["B","C"],
         "E":[], "F":["D"], "G":["E","F"],
         "I":["D"], "H":["G","I"]}
mwisho = {}
for k in TopologicalSorter(kabla).static_order():
    mwanzo = max((mwisho[p] for p in kabla[k]), default=0)
    mwisho[k] = mwanzo + siku[k]
print(max(mwisho.values()))
```

Ukifika D, B na C zote zimekwisha kusema neno lao. Hifadhi pia ni nani aliyetoa ile namba kubwa, kisha rudi nyuma kutoka H: utapita G, F, D na C. Hizo ndizo kazi zisizo na nafasi ya kuchelewa. Mabati yanafika siku ya 18 na kuezeka kunaanza siku ya 26, kwa hiyo lori likikwama mpakani siku 8 hakuna kinachoharibika. Nyaya za umeme, ambazo watu huzidharau, zina nafasi ya siku 2 tu.

Mama Depo

Hesabu ni nzuri, lakini naona mnasahau watu. Kwangu, kikundi kilichochimba msingi ndicho kilichofyatua matofali. Je, huyu kijana ana vikundi viwili?

Kijana wa Katuba

Mama, tunacho kikundi kimoja. Niliongeza mshale kutoka B kwenda C, yaani C ingoje B, jibu likawa 44.

Mhandisi wa Kamalondo

Asante Mama. Mshale huo ni halali, ila C imefungwa pamoja kupita kiasi. Kijana, katika zile siku 12, watu wanashika kazi siku ngapi?

Kijana wa Katuba

Kufyatua ni siku 4, kukauka siku 6, kuchoma siku 2.

Mhandisi wa Kamalondo

Basi matofali yakikauka, kikundi kichimbe na kujenga msingi. Weka mshale kutoka kufyatua kwenda A, na mwingine kutoka B kwenda kuchoma. Kuta zitaanza siku ya 15 na jumla itakuwa 38. Angalia kwamba mpangilio huo nimeuchagua mimi, algoriti haikuuchagua. Njia ndefu inapatikana haraka mishale ikishawekwa, lakini kuamua nani atangulie pale watu wanapogombaniwa ni tatizo gumu zaidi, na kwenye shantie kubwa hakuna anayelimaliza kwa macho. Pia hizo siku 6 za kukauka ni za kiangazi. Mvua zikianza, zibadilishe.

Kijana wa Katuba

Imetoa 38 kweli. Limebaki jambo moja. Baba mdogo alitaka avansi ya mpangaji ndiyo inunue mabati, naye mpangaji hatoi avansi kabla ya kuona paa. Nilipoiingiza kazi hiyo, programu ilisimama na kuandika `CycleError`.

Kaka Bel-Air

Programu imekuambia ukweli: mabati yanangoja avansi, avansi inangoja paa, paa linangoja mabati. Ukiuzunguka mduara huo siku zinaongezeka bila kikomo, kwa hiyo njia ndefu haipo. Igawe avansi iwe mbili, sehemu ndogo kabla ya mabati na nyingine baada ya paa.

Papa wa Ruashi

Na mpangaji akikataa kugawa?

Mama Depo

Mimi huwakopesha mabati wateja ninaowafahamu, wakilipa theluthi kwanza. Kijana, unatafuta geji gani?

Kijana wa Katuba

Geji 28, Mama. Nitamuuliza baba mdogo kama theluthi anayo.