Nimeuziwa folowaz 10,000, sasa wateja wangu wenyewe hawanioni

Wadau, nina hasira leo. Wewe mwenye biashara unayefuatwa inboksi na ofa za folowaz kwa bei chee, soma hapa kabla hujalipa.

Akaunti yangu ya Instagram ilikuwa na folowaz 1,200, wengi walishanunua kwangu. Nikiposti viatu napata laiki kama 90 na wawili watatu wanakuja inboksi kuulizia saizi. Nikawa naona washindani wana maelfu, nikalipia. Siku tatu tu namba ikasoma 11,200. Posti iliyofuata laiki 40, ya baadaye 25, inboksi kimya, na mteja wangu wa siku nyingi ananiuliza eti mbona siku hizi huposti, wakati naposti kila siku!! Kilichoniuma zaidi, niliweka tangazo kuwa tumefunga kwa sababu ya msiba, chini zikamiminika komenti za "safi sana, endelea hivyo".

Nahodha77: Pole kwa msiba mkuu. Ulikosea kununua folowaz peke yake, ungechukua na pakeji ya laiki asilimia ikae sawa.

FundiMatangazo: Nahodha uko sawa nusu, asilimia itapanda ila mauzo hayapandi. Mfumo unaangalia watu wanaifanyia nini posti ndio uamue imfikie nani. Mleta uzi zamani kwenye kila folowaz 100 walilaiki kama 7, sasa hata mmoja hafiki, kwahiyo posti inaonekana haina mvuto na inabaki hapohapo. Ukinunua na laiki unaharibu kingine, siku ukilipia tangazo ukachagua litafute watu wanaofanana na waliogusa ukurasa wako, litaanza kufananisha na hizo akaunti feki, hela ya tangazo inaenda kwa watu wasiovaa hata viatu vyako.

Bi Mkubwa: Jamani mimi nililipia tangazo Instagram kwenyewe mwezi jana, ina maana na mimi nimeharibu?

FundiMatangazo: Hapana dada, hilo ni tofauti. Pale unalipia kuonekana, mtu anafolo akipenda mwenyewe. Kama una wasiwasi ingia Insights uangalie folowaz wako wako miji gani, ukikuta imejaa miji ambayo hujawahi kutuma mzigo hata mmoja, jua kuna kitu.

Mleta uzi: Nimeangalia, mji wa kwanza kwenye orodha hata kuutamka siwezi. Muuzaji nikimwambia azitoe anasema hiyo ni huduma nyingine niilipie, hivi huu si wizi? Nimeanza kuzifuta kwa mkono, moja moja, jana usiku nimetoa 300 hivi.

Nahodha77: Bora ufungue akaunti mpya.

Mleta uzi: Na wale 1,200 wangu nitawahamishaje? Fundi hebu sema, nikiendelea kufuta posti zitarudi kufika kama zamani?

FundiMatangazo: Nimeona akaunti moja ikirudi taratibu na nyingine haikurudi kabisa, siwezi kukuahidi. Ila ukifuta anza na zisizo na picha wala posti, na usimpe mtu paswedi eti akusaidie kufuta.