Nalipia bima ya thamani 100, wananipa 58, kisha wananidai kilomita 105

Mwenye uzi:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa mpangilio ili mwenye gari la kale asije akatia saini kama nilivyotia mimi.

Nina Landrova Series IIA ya mwaka 1965, ambayo niliifufua kwa miaka minne. Chasisi iliyoliwa na kutu niliitoa nikaweka mpya iliyopakwa zinki, na bodi ya aluminiamu ikanyooshwa kwa mkono, kipande kwa kipande. Kwenye bima kubwa thamani yake iliandikwa kiasi ambacho hapa nitakiita 100, na kwa miaka mitatu nimelipa ada iliyokokotolewa kwa 100 hiyo bila kuchelewa.

Mwezi uliopita, usiku, gari likiwa limeegeshwa, lori liliigonga ubavuni na dereva akatoweka. Fundi alikadiria matengenezo kuwa 45. Mtathmini wa kampuni akapiga picha nne, akaokoteza matangazo ya magari ya umri huo yaliyochakaa, akasema thamani ya soko ni 58. Kwa kuwa 45 inapita asilimia 70 ya 58, ambao ndio mpaka wao, wametangaza kwamba gari ni hasara kamili! Wangepima kwa 100 waliyokuwa wakinitoza, matengenezo yangekuwa asilimia 45 tu na gari lingekuwa gereji sasa hivi.

Nilipouliza, walinionyesha mstari mmoja kwenye mkataba: "thamani iliyotajwa au thamani ya soko, ile iliyo ndogo." Kama mnalipa kwa iliyo ndogo, kwa nini mlikokotoa ada kwa iliyo kubwa?

Halafu kuna ukomo wa kilomita 3,000 kwa mwaka. Fomu iliuliza odomita inasomaje, bila kutaja kipimo, nami nikaandika 41,260 kama nilivyoiona. Siku ya ajali ilisomeka 43,190, yaani 1,930 zaidi, nikajua niko ndani ya ukomo. Kumbe odomita hiyo huhesabu maili. Wamezidisha kwa 1.609, wakapata kilomita 3,105, na sasa hata ile 58 wanasema wataifikiria upya. Gari lilikuwa limezimwa! Kilomita 105 zinahusikaje na lori lililoligonga likiwa limesimama?

Bampa la Chuma:
Pole sana, mkuu. Ukivuka kilomita mkataba umekufa, hapo huna la kudai. Ila kwenye thamani wamekwama, kwa sababu kupokea ada ya 100 ni kukubali 100.

Mama Tathmini:
Nimefanya kazi ya kutathmini magari kwa miaka mingi, na naomba nimsahihishe ndugu hapo juu. Kuvuka ukomo hakuui kila mkataba. Ipo mikataba inayofanya ukomo kuwa sharti la kinga yenyewe, na ipo inayoutumia kupanga ada tu, ambapo mteja hudaiwa tofauti. Tena zipo nchi ambazo sheria hairuhusu kukataa madai kwa kosa lisilohusiana na hasara, na nyingine huruhusu. Kwa hiyo soma kifungu chako neno kwa neno.

Kuhusu thamani, ada peke yake haitakuokoa. "Iliyotajwa" ni namba uliyoileta wewe, na wao huichukulia kama kikomo cha juu. "Iliyokubaliwa" ni namba ambayo pande zote mbili zimeifunga mwanzoni, kwa kawaida juu ya ripoti ya mthamini na picha, na gari likiangamia hawarudi tena sokoni kutafuta bei.

Lakini hujaishiwa. Thamani ya soko ni ya gari katika hali liliyokuwa nayo dakika moja kabla ya kugongwa, si ya lolote la umri wake. Dai orodha ya magari aliyolinganisha, uweke mezani risiti za chasisi na mauzo ya magari yaliyofufuliwa kama lako. Huhitaji kufika 100 ili ulirudishe gereji: thamani ikipita 65 tu, matengenezo ya 45 yanashuka chini ya asilimia 70. Hadi hapo, usitie saini hati ya kumaliza madai wala usiruhusu mabaki yachukuliwe.

Pikapu Daima:
Mimi nina pikapu ya 1978 nabebea mizigo kila siku. Hiyo ya thamani iliyokubaliwa naipataje?

Mama Tathmini:
Kwa kazi hiyo, ndugu yangu, ni vigumu. Bima hizi huandikwa kwa matembezi na maonyesho, na shughuli za kila siku huwa zimetengwa. Usiwafiche matumizi yako, maana hapo ndipo madai hukataliwa.

Mwenye uzi:
Ahsante, mama. Nimepekua barua pepe: mwaka wa pili niliwatumia ripoti ya mthamini yenye picha 32, wakajibu "tumepokea", kisha wakahuisha mkataba kwa 100 ile ile. Je, huko si kukubali?

Bampa la Chuma:
Ni kukubali kabisa!

Mama Tathmini:
Kupokea si kukubali, lakini kuhuisha baada ya kupokea ripoti kunakupa hoja. Waandikie leo uwaulize ripoti hiyo waliitumia kufanya nini, na usikubali jibu la simu.