Mrejesho: kokoto za kisima kwenye mkataba

Niliuliza: "Mkataba wa kisima useme nini ili nijue kokoto zimejaa kweli nyuma ya kesing?"

Wakuu asanteni sana. Tuliandika ujazo upigiwe hesabu kabla, shimo la milimita 200 na bomba la kesing la 125 kwa nje inakuja kama lita 19 kila mita, mita 40 basi ni karibu lita 770, na kila ndoo inayomwagwa inaandikwa. Siku yenyewe kamba ya kupimia ikaonyesha zimejaa wakati zimeingia lita 400 na kitu tu, yaani zimekwama katikati! Mafundi wakapitisha maji taratibu zikashuka, wakaongeza. Baada ya kusafisha na kompresa zikashuka tena kidogo, hiyo ni kawaida, ndo maana zege la juu linasubiri. Bila rekodi hiyo malipo ya mwisho hayatoki.