Excel, Power Query, OpenRefine au Python: kipi kinafaa kusafisha orodha ya bei ya msambazaji kabla ya kuipakia WooCommerce?

DukaLaNyakato

Habari zenu wanajukwaa. Ninauza vyakula vikavu, mafuta na sabuni kwa njia ya mtandao hapa Mwanza, na duka langu linatumia WooCommerce. Kila mwezi msambazaji wangu hunitumia orodha ya bei katika faili la CSV lenye mistari 640 hivi. Hii ni sehemu ndogo ya faili la mwezi huu:

```
SKU,Jina,Uzito,Bei
00417,Sembe,1 KG,2300
"00417 ",Sembe,1000g,2300
00418,Unga wa ngano,"1,5 kg",4100
mf-20,Mafuta ya alizeti,1 L,7200
MF-20,Mafuta ya alizeti,12 x 1 L,81000
```

Mwezi uliopita nilifungua faili kwa Excel, nikarekebisha kwa mkono, nikapakia nikiwa nimeweka tiki kwenye `Update existing products`. Bidhaa 31 zilirukwa, na mchele wa gramu 500 ukasomeka dukani kuwa una kilo 500, hata mteja wa Geita akaoneshwa gharama ya usafirishaji inayozidi thamani ya mzigo wote. Ninaomba mnilinganishie njia zilizopo, kwa kuwa sitaki kujifunza vyombo vinne.

MtuWaStoo

Dada, usijisumbue. Excel inatosha kabisa. Tumia fomula ya `TRIM` kuondoa nafasi, kisha chagua kolamu ya SKU na ubonyeze `Remove Duplicates`. Mimi nina bidhaa 300 za vifaa vya ujenzi na kazi hiyo hunichukua dakika kumi.

FundiJedwali

Ndugu MtuWaStoo yuko sahihi kuhusu Excel kutosha kwa orodha ndogo, lakini kwa faili hili ushauri wake utaleta hasara mahali pawili.

Kwanza, `TRIM` huondoa nafasi ya kawaida tu. Orodha nyingi za bei zimenakiliwa kutoka kwenye kurasa za wavuti, na huko huja nafasi ya aina nyingine, yenye namba 160, ambayo kwa macho haitofautiani na ile ya kawaida na ambayo `TRIM` haiigusi. Utaitambua kwa `LEN`: SKU yenye herufi tano ikihesabiwa sita hata baada ya `TRIM`, mgeni yumo. Dawa yake ni hii:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
```

Pili, na hili ni zito zaidi, tazameni mistari miwili ya mafuta ya alizeti. `Remove Duplicates` ya Excel haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo itaona mf-20 na MF-20 kuwa kitu kimoja, itabakiza mstari wa juu na kufuta wa chini bila kukuuliza. Hapa una bahati, kwa kuwa wa juu ni wa chupa moja. Mwezi ambao msambazaji atatanguliza katoni, duka lako litauza chupa moja kwa shilingi 81,000. SKU inayojirudia si takataka mpaka ujue kwa nini imejirudia.

Kuhusu bidhaa 31 zilizorukwa, ninashuku kosa lilitokea kabla hujagusa chochote. Ukibofya CSV mara mbili, Excel huichukulia 00417 kuwa namba na kuiandika 417. Ukihifadhi, sifuri zimekwenda. WooCommerce ikiwa kwenye hali ya kusasisha hutafuta SKU 417, haiioni, na hurukia mstari unaofuata, kwa sababu katika hali hiyo haiongezi bidhaa mpya. Je, zote 31 zilikuwa na SKU zinazoanza na sifuri?

DukaLaNyakato

Nimeangalia sasa hivi. Ishirini na tisa zinaanza na sifuri, na mbili ni bidhaa mpya ambazo sikuwa nazo dukani. Nimeduwaa.

Soko_la_Jioni

Hata mimi faili langu lilikuwa likikwama katikati. Nililigawa vipande vya mistari 200 na tangu hapo linapita vizuri. Jaribu hivyo kabla ya kubadili chombo.

DukaLaNyakato

Asante, ila la kwangu halikwami. Linapita lote, likiwa na makosa.

BintiKisauni

Mimi ninapendekeza OpenRefine. Ni ya bure, nayo hufanya kazi ndani ya kompyuta yako hata kama inafunguka kwenye kivinjari. Wakati wa kuingiza faili, hakikisha tiki ya kugeuza maandishi kuwa namba haipo, na sifuri zako zitabaki. Kisha fungua `Text facet` kwenye kolamu ya Uzito, nawe utaona kila namna msambazaji alivyoandika kipimo pamoja na idadi yake: «1 KG» mara 80, «1kg» mara 14, «kilo 1» mara 3. Kwangu mimi hakuna chombo kinachokuonesha uchafu wa faili geni haraka namna hiyo. Hatua zako zote huhifadhiwa, na nyingi kati yake unaweza kuzitoa na kuzitumia tena kwenye faili la mwezi ujao.

FundiJedwali

Ninakubaliana na Binti kuhusu faili geni. Kasoro ni kwamba marekebisho yanayofanywa kwa kuchagua maneno hukumbuka maneno yaleyale tu, hivyo mwezi ujao msambazaji akiandika «KGS», hatua zilizohifadhiwa zitaliacha neno hilo lilivyo.

Kwa faili linalokuja kila mwezi kwa umbo lilelile, ningechagua Power Query, ambayo tayari imo ndani ya Excel. Ingiza kwa `From Text/CSV`, kisha futa hatua ya `Changed Type` ambayo huongezwa yenyewe, kwani ndiyo inayokula sifuri. Safisha SKU kwa `Trim`, igeuze kuwa herufi kubwa, na hapo ndipo utumie `Keep Duplicates` badala ya kufuta. Mpangilio huo ni wa lazima: Power Query hutofautisha mf-20 na MF-20, kwa hiyo ukitafuta zinazojirudia kabla ya kusawazisha herufi hutaziona.

Python ningeiacha mpaka uwe na wasambazaji watano au sita, ingawa ukaguzi wenyewe ni mfupi:

```python
import pandas as pd
d = pd.read_csv("bei.csv", dtype=str)
d["SKU"] = d["SKU"].str.strip().str.upper()
d[d.duplicated("SKU", keep=False)].to_csv("kagua.csv")
```

Vipimo ndivyo vinavyohitaji akili kuliko chombo. Wengi hufuta mkato wote ili «1,500 g» isomeke 1500, na papo hapo «1,5 kg» inakuwa kilo 15. Tenganisha kwanza namba na kipimo katika kolamu mbili, shughulikia gramu na kilo kila moja peke yake, kisha panga uzito kutoka mdogo hadi mkubwa na utazame ncha zote mbili. Kilo 500 ya mchele ingeonekana hapo mara moja. Lita usiigeuze kuwa kilo kwa mazoea: lita moja ya mafuta ya kula ina takribani kilo 0.92, bila chupa.

BintiKisauni

Kwa usafirishaji mimi huandika kilo 1 kwa lita na sijawahi kupata lawama, maana wasafirishaji ninaowatumia hukadiria kwenda juu.

FundiJedwali

Kwa chupa moja sawa. Kwa katoni ya chupa 12 bado ningeiweka kwenye mizani, kwa kuwa vifungashio navyo vina uzito.

DukaLaNyakato

Nimetumia Power Query na kupakia mara mbili, kwanza bila tiki ili bidhaa mpya ziingie, kisha na tiki ili bei zisasishwe. Hakuna iliyorukwa safari ya pili. SKU zilizojirudia zilikuwa tisa: sita zilikuwa nakala tupu, mbili zilikuwa chupa na katoni, nami nimezipa katoni SKU yangu yenye mwisho wa -K12. Ya tisa ni sabuni ya mche yenye bei mbili tofauti kwa kipimo kilekile. Nimeiondoa kwenye faili na ninasubiri msambazaji apokee simu.